Kutoka Android kwenda iPhone: chati za WhatsApp zinavuka vipi, na zipi zinabaki?

lesozabiashara
Asalaam aleikum wenzangu. Mimi nauza leso na madera mtaa wa Biashara, hapa mjini. Kazi yangu karibu yote imo ndani ya WhatsApp. Mteja wa Lamu au Voi ananitumia picha ya leso aliyoiona kwenye harusi, anarekodi voisi kunisomea jina alilolitaka, tunakubaliana bei, analipa nusu. Nikitaka kujua nani ananidai mzigo na nani namdai pesa, narudi kwenye chati. Sina daftari.

Sasa nimenunua iPhone 11 ya mkononi, ya gigabaiti 64. Aliyeniuzia ameshaiwasha, ameshaiwekea programu kadhaa, akanambia "weka laini yako, fungua WhatsApp, basi." WhatsApp sijaifungua, roho imekataa. Simu yangu ya zamani ni Android, kioo kimepasuka lakini inafanya kazi. WhatsApp peke yake imekula gigabaiti 23, chati ni za tangu 2018. Nataka zote zije. Nifanyeje?

Sokomoko254
Dada hiyo kazi ndogo. Kwenye Android ingia Settings ya WhatsApp, Chats, Chat backup, piga bakapu iende Google Drive. Kisha kwenye iPhone ingia na Gmail ile ile. Ukifungua WhatsApp itakuuliza kama unataka kurudisha chati, unakubali, zinashuka. Mimi nimebadilisha simu hivyo kila mara na sijapoteza hata emoji.

FundiMwembeTayari
@Sokomoko254 ulikuwa unatoka Android kwenda Android, ndiyo maana ilikubali. Hapo hujakosea. Kwenda iPhone hiyo njia haifiki popote. WhatsApp ya iPhone haiangalii Google Drive kabisa, yenyewe inatafuta bakapu iCloud tu. Hata ukiweka Gmail kwenye iPhone, itakuletea barua, kalenda na majina ya watu, chati hapana. Zile simu mbili haziziweki chati kwa mpango mmoja. Android inaweka kwenye faili linaloitwa `msgstore.db`, iPhone ina lake la aina nyingine, `ChatStorage.sqlite`. Lazima kuwe na kitu cha kugeuza moja kuwa jingine, na hicho kitu hakimo ndani ya Google Drive.

@lesozabiashara umefanya vizuri kutoifungua. Usiifungue bado. Njia rasmi ipo tangu katikati ya 2022, WhatsApp walipokubaliana na Apple chati zipite ndani ya programu ya Apple inayoitwa Move to iOS. Ni bure. Lakini ina sharti linalowaumiza wengi: iPhone lazima iwe mpya kabisa au imefutwa yote, iko kwenye yale maswali ya mwanzo ya lugha na nchi. Yako imeshapita hapo, kwa hivyo itabidi ifutwe ianze upya.

Kabla hujafuta chochote, fungua Settings ya iPhone uangalie juu kabisa. Unaona jina la nani?

mzeewakuze
Vijana hamjambo. Na mimi nina swali hilo hilo. Mwanangu ameniletea iPhone kutoka Doha. Shida yangu ni meseji za M-Pesa. Nimeziweka zote tangu nianze kupokea kodi ya nyumba zangu za Majengo. Hizo nazo zitakuja na Google?

Sokomoko254
Mzee wangu, huyu anauliza WhatsApp, si M-Pesa 😂

FundiMwembeTayari
Shikamoo mzee. Usimjali huyo. Meseji za kawaida, za M-Pesa zikiwemo, zinavuka na hiyo hiyo Move to iOS. Kwenye orodha utachagua Messages, zitatokea kwenye programu ya meseji ya iPhone na tarehe zake. Haziko kwenye laini siku hizi, ziko kwenye simu, kwa hivyo kuhamisha laini peke yake hakutazileta. Na kama lengo ni kumbukumbu ya malipo, omba taarifa ya akaunti kupitia *334# au programu ya M-Pesa. Hiyo ni ushahidi mzuri kuliko meseji.

Ila mzee, iPhone yako usiimalize kuiseti kabla. Ikifika pale inapouliza unataka kuleta data kutoka wapi, simama hapo.

lesozabiashara
Fundi, juu kabisa limeandikwa jina la mtu nisiyemjua. La kiume. Nadhani ni wa duka.

FundiMwembeTayari
Basi ngoja. Hapo ndipo ningetaka watu wote wanaonunua iPhone za mkononi wasome taratibu.

Hilo jina ni la akaunti ya Apple iliyo ndani ya simu. Ukiifuta simu huku akaunti hiyo bado imo, ikiwaka itakuambia imefungwa na mwenyewe na itataka nenosiri lake. Hakuna fundi wa halali atakayekufungulia, mimi nikiwemo. Utakuwa na kioo kizuri cha kujitazama. Wauzaji wengi wanaingiza akaunti yao ili waweke programu chache mteja aone simu "iko tayari". Hana nia mbaya, lakini mzigo unabaki kwako.

Rudi dukani na simu. Aliyeiseti aingie Settings, aguse jina lake, ashuke chini mpaka Sign Out, aweke nenosiri lake mwenyewe mbele yako. Itakapomwomba azime Find My, azime. Ukirudi Settings juu kusiwe na jina la mtu. Akisema nenosiri amelisahau au mwenye simu yuko safari, dai pesa yako siku hiyo hiyo.

Likishaondoka jina ndipo unaingia Settings, General, Transfer or Reset iPhone, halafu Erase All Content and Settings.

nahodha_mtongwe
Mimi natumia GB. Kuna haja ya haya yote? Kwenye GBWhatsApp bakapu ni faili unalibeba kwa kadi.

FundiMwembeTayari
Nahodha, GB si WhatsApp. Ni programu ya watu wengine inayovaa nguo za WhatsApp. Move to iOS haiijui, haitaonekana kwenye orodha, na iPhone haina GB ya kuipokea. Itabidi kwanza uzirudishe chati kwenye WhatsApp rasmi, hapo hapo kwenye Android, ndipo uvuke. WhatsApp wenyewe wana maelezo: unapiga bakapu ndani ya GB, unatafuta folda la GBWhatsApp kwenye faili za simu, unalibadilisha jina liitwe WhatsApp, kisha unaweka ile rasmi kutoka Play Store na kuingia kwa namba ile ile. Ikiliona hilo folda itakuuliza kama urudishe.

Nasema "ikiliona". Android za miaka ya karibuni zinaweka folda ndani zaidi, `Android/media/com.whatsapp`, na nimeona simu zilizokubali na zilizokataa. Usiifute GB mpaka uone chati zako zote kwenye ile rasmi.

nahodha_mtongwe
Nikikosa kuona nani amefuta meseji sitaki hiyo iPhone.

bintitudor
Samahani naingilia. Mimi ndiyo nimeshafungua 😭 Niliweka laini kwenye iPhone, nikaingia WhatsApp, makundi yakaja lakini ndani matupu. Nimekuwa nikiitumia hivyo mwezi mmoja sasa. Android bado iko kabatini, sijaifuta. Nina voisi za marehemu babangu mle. Zimekwenda?

FundiMwembeTayari
Hazijaenda popote dada, na pole. Ulipoingia kwenye iPhone, Android ilitolewa kwenye akaunti tu. Chati zimekaa pale pale kwenye simu. Makundi yalikuja kwa sababu uanachama unafuata namba yako. Yaliyosemwa ndani ndiyo yanayokaa kwenye simu.

Unaweza kuingia tena WhatsApp kwenye Android kwa namba yako. Ukifanya hivyo utazikuta, na iPhone nayo itatolewa. Kisha unaifuta iPhone na kuvuka kwa njia niliyomweleza dada wa leso. Utakachopoteza ni yale ya mwezi huu yaliyo kwenye iPhone, kwa sababu chati za simu mbili hazichanganywi. Kinachoingia kwenye iPhone ni kitabu cha Android kama kilivyo. Kwa hivyo lazima uchague upande mmoja.

Ukiona mwezi huu una kitu muhimu, fungua chati hiyo kwenye iPhone, gusa jina juu, shuka mpaka Export Chat, uitume kwa barua pepe yako. Utapata faili la maandishi, na picha ukitaka. Litasomeka, lakini halirudi ndani ya WhatsApp.

Sokomoko254
Au atumie zile programu za kompyuta zinazounganisha. Kuna moja unalipa dola kadhaa, unachomeka simu zote mbili kwa waya, inachanganya.

FundiMwembeTayari
Zipo, na wapo waliofanikiwa. Mimi siziweki kwenye kompyuta ya kazini. Unaikabidhi kila ulichowahi kuandika kwa mtu usiyemjua, na nyingine zinakuonyesha chati zako ili uamini, kisha zinakuomba pesa ndipo zivuke. Kwa voisi za baba, ningeanza kwa kunakili lile folda la WhatsApp la Android lote kwenye kompyuta au diski kwa waya. Voisi ni faili za kawaida zenye mwisho wa `.opus`, ziko kwenye folda la WhatsApp Voice Notes. VLC inazicheza. Hata uhamisho ukiharibika, sauti unazo. Fanya hivyo leo, kabla ya jambo jingine.

bintitudor
Nimeelewa. Naanza na waya. Kuhusu kurudi nyuma bado sijaamua, mwezi huu kuna mambo ya posa ndani yake.

lesozabiashara
Hongera dada 😊 Fundi, nimerudi dukani, kijana ametoa jina lake, akanuna kidogo lakini ametoa. Simu nimeifuta, sasa inasema Hello. Endelea.

FundiMwembeTayari
Vizuri. Sasa usiiguse hiyo Hello, tufanye kazi ya Android kwanza. Huko ndiko kuliko na mambo.

Kwanza nafasi. Simu ya gigabaiti 64 haikupi 64. Mfumo wenyewe una sehemu yake, na utataka picha zako nazo zije. Kuleta WhatsApp ya gigabaiti 23 ni kuijaza siku ya kwanza. Ingia WhatsApp ya Android, Settings, Storage and data, Manage storage. Juu utaona sehemu mbili, moja ya vitu vilivyopita kwa watu wengi, "Forwarded many times", na nyingine ya vile vizito, "Larger than 5 MB". Zile video za "asubuhi njema" na mahubiri ya makundi ziko hapo. Futa kwa moyo mkunjufu. Chini kuna orodha ya chati, kila moja na uzito wake. Nina hakika kundi la familia linakuzidi wateja wote.

Ukifuta picha kutoka kwenye galari badala ya humo ndani ya WhatsApp, chati itabaki na picha ya ukungu isiyofunguka, na itavuka hivyo hivyo. Pia picha za zamani ulizoziona zina kishale cha kushusha na hukuwahi kuzigusa, hizo hazimo kwenye simu. Ziguse sasa. Zile za siku nyingi zitakuwa zimeshatoka kwenye mitambo ya WhatsApp, na hapo ni mpaka aliyekutumia akutumie tena.

Pili, sasisha WhatsApp kutoka Play Store, uweke na Move to iOS kutoka hapo hapo. WhatsApp ya zamani haitajitokeza kwenye orodha. Upande wa iPhone inatakiwa iOS 15.5 kwenda juu, na iPhone 11 inaifikia bila taabu. Walio na iPhone 6 wasahau, haifiki.

Tatu, kama uliwahi kuweka pini ya WhatsApp ya tarakimu sita, ile ya Two-step verification, hakikisha unaikumbuka. Itaulizwa kwenye iPhone. Ukiisahau na hukuweka barua pepe, unangoja siku saba. Ukiwa bado ndani ya Android unaweza kuibadilisha sasa hivi bila kuulizwa ya zamani.

lesozabiashara
Subhanallah. Kundi la ukoo lina gigabaiti 8. Wateja wote pamoja hawafiki 6.

Sokomoko254
😂😂 Waambie ukoo wakulipe kodi.

lesozabiashara
Nimefuta, imebaki 9. Laini niiweke simu gani wakati wa kuhama?

FundiMwembeTayari
Mimi naiweka iPhone mapema. WhatsApp ya Android inaendelea bila laini, na simu haitapigwa katikati ya kazi ikavuruga. Namba za uthibitisho nazo zitaingia pale zinapotakiwa.

fundi_bombolulu
Hapo natofautiana na wewe jirani. Mimi naiacha Android mpaka mwisho. Ikitokea WhatsApp ya Android inataka kuthibitisha namba tena, utakuwa unachomoa na kuchomeka. Naweka hali ya ndege, nawasha waifai peke yake, hakuna simu itakayoingia. Laini naihamisha wakati WhatsApp ya iPhone inauliza namba.

FundiMwembeTayari
Zote zinafika. Mimi nimechoka na watu waliosahau kuweka hali ya ndege.

Sasa kuvuka kwenyewe, dada. Simu zote mbili kwenye chaji, si karibu na chaji. Data ya Android izime, ibaki waifai tu. iPhone jibu maswali mpaka ufike ukurasa wa kuleta data, chagua From Android (kwenye iOS za nyuma imeandikwa Move Data from Android). Itakupa namba. Fungua Move to iOS kwenye Android, andika namba hiyo. iPhone itatengeneza waifai yake ndogo, Android itaomba kujiunga, kubali. Waifai hiyo haina intaneti, na Android nyingine zikiona hivyo zinaikimbia zirudi kwenye ile ya nyumbani. Ukiona mawasiliano yanakatika kila yakianza, sababu mara nyingi ni hiyo, au VPN uliyoisahau imewaka.

Ikishaunganika utaona orodha. Chagua WhatsApp, Contacts, Messages, picha. Ukigusa WhatsApp itakufungulia ukurasa wake wenye kitufe cha START. Gusa, ungoje iandae. Ikimaliza kuandaa inakutoa kwenye akaunti upande wa Android. Watu wanashtuka hapo, wanajaribu kuingia tena. Usiingie! Gusa NEXT, inakurudisha Move to iOS, gusa CONTINUE.

Kuanzia hapo usifungue kitu kingine kwenye Android, hata kujibu meseji. Na Android ikisema imemaliza, usiiamini. Anayejua ni mstari wa iPhone. Ukiwa bado unatembea, ziache zote mbili.

lesozabiashara
Na mteja akiniandikia wakati huo? Ijumaa hii nina oda ya harusi.

FundiMwembeTayari
Ataona tiki moja. Meseji yake inakaa kwenye mitambo ya WhatsApp hadi siku 30 ikikungoja, itashuka ukiingia kwenye iPhone. Hutakosa oda. Lakini fanya usiku, na siku isiyo ya umeme kukatika ovyo.

iPhone ikimaliza, shusha WhatsApp kutoka App Store, fungua, weka namba ILE ILE. Kwa namba nyingine chati haziji. Itakuuliza kama unataka kuhamisha, gusa Start. Ukiruka ukurasa huo kwa haraka, unaanza na chati tupu na unarudi kuifuta simu upya.

mzeewakuze
Fundi, nimefanya na mwanangu kwenye simu, meseji za kodi zimekuja. Lakini WhatsApp inaonyesha namba tupu, majina hakuna. Sijui nani ni nani, nimemjibu mpangaji nikidhani ni shemeji.

FundiMwembeTayari
😂 Mzee, chati zimevuka, ila majina hayakuvuka. WhatsApp haina majina yake, inayasoma kwenye orodha ya simu. Ni kama Contacts hukuitia alama, au majina yako kwenye Gmail. Ingia Settings ya iPhone, tafuta Contacts, kisha sehemu ya akaunti, ongeza Google, weka Gmail yako na uwashe Contacts. Kisha Settings, tafuta WhatsApp, uiruhusu kuona Contacts. Kama uliyaweka kwenye laini, kuna Import SIM Contacts hapo hapo.

mzeewakuze
Yamerudi. Shukran mwanangu. Mpangaji nimemwomba radhi.

lesozabiashara
Nimevuka!! Jana usiku. Mara ya kwanza ilikatika, waifai ya nyumbani iliivuta Android kama ulivyosema. Nikaiambia Android iisahau ile ya nyumbani, nikaanza tena, ikaenda mpaka mwisho. Naandika nilichokiona ili wengine wajue.

Chati za watu na makundi zote zipo, na tarehe zake, tangu 2018. Picha za leso zinafunguka, voisi zinalia. Picha yangu ya wasifu imekuja, jina niliandika upya. Orodha ya simu nilizopiga ndani ya WhatsApp imeanza tupu. Ile WhatsApp ya kompyuta ya dukani imetoka, nimeiskani upya. Picha ambazo sikuwahi kuzishusha zimebaki ukungu. Nilikuwa na mteja wa hapa Mombasa na mwingine wa Kilifi ambao tulikubaliana mambo kwa kupigiana tu, hapo sasa sina kumbukumbu hata ya siku gani tulizungumza. Hilo limeniuma kidogo.

Telegram niliishusha tu, nikaingia, kila kitu kikawa mahali pake.

FundiMwembeTayari
Telegram inaweka chati kwenye mitambo yake, kwa hivyo haina cha kuhamisha. Isipokuwa zile chati za siri, hizo zimefungwa kwenye simu iliyozianzisha na hazitoki.

Rekodi ya simu za WhatsApp haivuki, na hakuna ujanja. Lakini Android yako bado inayo, mradi hujaifuta. Ukiingia huko tena iPhone itatoka, kwa hivyo usiende kuichungulia kwa sababu ndogo.

Umebakiza jambo moja kubwa. Hivi sasa chati zako hazina bakapu popote. Ile ya Google ni ya Android, ya iCloud hujaitengeneza. iPhone ikianguka kwenye maji ya feri leo, unarudi kwenye Android iliyopasuka kioo. Ingia Settings ya WhatsApp, Chats, Chat Backup, Back Up Now.

lesozabiashara
Nimejaribu. Inasema nafasi ya iCloud haitoshi.

FundiMwembeTayari
Apple wanakupa gigabaiti 5 za bure na wewe una 9. Pale pale kuna Include Videos, izime kwanza uone inashuka mpaka ngapi. Bila video wengi wanaingia ndani ya 5. Ikizidi, punguza kundi la ukoo tena au lipia gigabaiti 50 kwa mwezi. Na angalia picha za simu zenyewe hazijaanza kupanda iCloud, kwa sababu zinakula kutoka sahani hiyo hiyo.

lesozabiashara
Bila video imeshuka 3.8. Inapanda sasa. Video za leso nitaziweka kwenye kompyuta.

bintitudor
Mimi nimenakili folda lote, voisi za baba nimezisikia kwenye kompyuta. Sasa swali: nikiingia tena kwenye Android halafu nivuke, lakini kabla ya hapo nikipiga bakapu ya iPhone iende iCloud, je baadaye siwezi kurudisha zile za mwezi huu juu ya zile za zamani?

FundiMwembeTayari
Hapana. Ukirudisha ya iCloud itakupa ya mwezi huu peke yake, bila za zamani. Ni moja au nyingine. Na ukishavuka, bakapu mpya itakayopanda kwa namba hiyo hiyo itaifunika ile ya mwezi huu.

fundi_bombolulu
Dada, ningekuwa wewe ningebaki ulipo. Voisi unazo kwenye kompyuta, Android unayo kabatini. Mambo ya posa yana watu wengi wa kukuuliza ulisema nini.

FundiMwembeTayari
Mimi ningerudi. Betri ya simu iliyokaa kabatini inakufa, na siku utakayoitaka haitawaka. Ile posa itoe kwa Export Chat.

bintitudor
Nyinyi mafundi wawili mnanichanganya. Namuuliza mamangu.

nahodha_mtongwe
Kuna mtu ananunua Android yenye GB?